Pelo, pero, perro: r mbili za Kihispania katika ulimi wa Mswahili

Kihispania kina maneno matatu yanayotosha kumpima Mswahili ulimi: pelo, pero na perro. La kwanza ni nywele au manyoya, la pili ni lakini, la tatu ni mbwa. Irabu zake ni zile zile, e mwanzo na o mwisho. Kinachobadilika ni kazi ya ulimi hapo katikati, na kwa aliyekulia katika lugha hiyo hayo ni maneno matatu yaliyo mbali kama kwetu yalivyo kula, kura na kuta.

Mwanafunzi wangu mmoja ni dereva wa watalii Arusha. Kihispania alianza kujifunza peke yake kwa simu, akiwa ameegesha gari anasubiri wageni, na alipokuja kwangu msamiati alikuwa nao wa kutosha. Tatizo lilijitokeza katika sentensi aliyoihitaji karibu kila siku akiwa mbugani: "Quiero parar, pero no puedo", yaani nataka kusimama lakini siwezi. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba r ya Kihispania ni kali, basi akaitetemesha kila alipoiona. Quiero ikawa "kyerro", parar ikawa "parrar", na lakini yake ikawa mbwa. Wageni walimwelewa kwa kukisia, kisha wakahamia Kiingereza. Hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu Kiingereza alikuwa nacho tayari.

Wengi hudhani kazi ya Mswahili ni kujifunza kutetemesha r. Kwa baadhi yetu ni kweli, lakini kabla ya hapo kuna kazi nyingine: kusikia kwamba tayari tuna r mbili na hatujawahi kuzihesabu. Vitabu vya sarufi ya Kiswahili huiita r kimadende, yaani sauti ya kutetema. Katika mazungumzo ya kawaida mara nyingi haitetemi. Sema "habari za asubuhi" kwa mwendo wako wa kila siku: ncha ya ulimi inapanda, inagonga nyuma ya meno ya juu mara moja, inashuka. Sasa mwite mtoto anayechelewa shule, "haraka!", kwa ukali wa kweli. Wengi wetu hapo ulimi hutetemeka, ukagonga mara mbili tatu. Neno halikubadilika maana. Kwetu kugonga na kutetema ni suala la mkazo au la hasira, au tu la namna mtu alivyozoea kusema, na ndiyo maana sikio linazihesabu kuwa sauti moja. Mhispania anazihesabu mbili. Caro ni ghali, carro ni gari huko Amerika ya Kilatini. Cero ni sufuri, cerro ni kilima. Ahora ni sasa, ahorra ni anaweka akiba.

Wapi ugonge na wapi utetemeshe, maandishi yenyewe yanakuambia. Kati ya irabu mbili, r moja ni ya kugonga na rr ni ya kutetema. Mwanzoni mwa neno r hutetema siku zote hata ikiandikwa moja: rosa, waridi, río, mto. Hutetema vilevile baada ya n, l na s, kama katika jina Enrique, katika alrededor, kandokando, na katika Israel. Baada ya konsonanti kama p, b, t, d na f inagonga tu: tres, libro, primo. Mwisho wa silabi, kama katika puerta au comer, yoyote inapita, na ile nyepesi ndiyo ya kawaida. Ushahidi kwamba r ya mwanzo wa neno ni ile nzito uko katika jina la Puerto Rico: mwenyeji wa kisiwa hicho huitwa puertorriqueño, kwa rr, kwa sababu Rico imeingia katikati ya neno na sauti yake haikubadilika, hivyo maandishi yakalazimika kuifuata.

Kabla hujaanza kutetemesha, jaribu kitu ninachokiita kushika. Chukua pelo na usimame kwenye l: "pellll". Inashikika, nayo inatiririka laini, hewa ikipita pembeni mwa ulimi huku ncha imetulia. Chukua pero na ujaribu kusimama kwenye r yake. Haishikiki. R ya kugonga ni tukio la mara moja. Ukijaribu kuivuta unapata d au l au kimya. Chukua perro: inashikika tena, ila sasa inatikisika. Jaribio hili halihitaji mwalimu. Kinachoshikika na kutulia ni l, kisichoshikika ni r ya pero, kinachoshikika na kutikisika ni rr.

Lina faida ya pekee kwa wale ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi l na r, nao ni wengi, Kenya na Tanzania. Asikimbilie Kihispania. Aanze na mahali na mahari, kula na kura, ajaribu kushika sauti ya katikati ya kila neno mpaka vidole vya ulimi, kama ninavyopenda kusema, vijue tofauti. Huko Karibea wapo Wahispania wanaosema l mahali pa r, wakasema "puelta" kwa puerta, lakini hufanya hivyo mwisho wa silabi tu. Kati ya irabu hawachanganyi, na pelo haiwi pero hata kwao.

Sasa kutetemesha kwenyewe. Kosa kubwa ni kudhani kwamba rr ni r ya kugonga iliyorudiwa upesi. Hakuna msuli wa ulimi unaoweza kwenda kasi hiyo. Ulimi unaotetema hugonga kwa kasi ya kama mara 25 hadi 30 kwa sekunde. Anayefanya kazi ni hewa. Umemwona mtoto akiendesha gari la mabati, midomo ikimtetemeka "brrrr". Hapigi midomo kwa makusudi. Ameifunga kwa ulegevu na hewa ya mapafu inaisukuma wazi, midomo inarudi yenyewe, inasukumwa tena. Ulimi ni vivyo hivyo. Kazi yako ni kuuweka mahali pake, kuulegeza ncha, na kutoa hewa ya kutosha.

Anza na midomo basi, kama yule mtoto, ukae hapo kwa pumzi moja ndefu ili mwili ukumbuke nani anayefanya kazi. Kisha tamka n ya "nani" na utulie: pale ncha ya ulimi ilipogusa, kwenye ufizi uliotuna nyuma ya meno ya juu, ndipo mahali pa rr. Kingo za ulimi ziguse magego ya juu kulia na kushoto, maana hewa ikivuja pembeni utapata l. Ncha peke yake ibaki nyepesi. Sasa puliza bila sauti, kwa mnong'ono: "trrr". Mwanzoni utasikia tu upepo, au mlio wa kukwaruza. Punguza nguvu ya ulimi, ongeza ya hewa. Karibu kila anayeshindwa anashindwa kwa sababu amekaza.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa wasomaji wa Ulaya havitakuambia. Vingi humwelekeza mwanafunzi aanzie kwenye d: "drrr". Kwa Mswahili, hasa wa pwani, ushauri huo unaweza kukwamisha. D yetu ya "dada" hutamkwa huku koo likishuka kidogo, na hewa kama inavutwa ndani. Weka kidole kwenye kikoromeo, sema "dada" polepole, utasikia kikishuka. Rr inataka kinyume chake, hewa itoke. Lakini d iliyotanguliwa na n, kama ya "ndani" au "ndizi", haina mvuto huo. Hewa yake inatoka moja kwa moja. Kwa hiyo sisi tuanzie kwenye nd: "ndrrr, ndrrr". Dereva wangu alikaa siku nne kwenye "drrr" bila kupata chochote isipokuwa "dadada". Nilipomhamishia kwenye "ndrrr", mtetemo wa kwanza ulitoka jioni ileile, mfupi, na yeye mwenyewe hakuamini kama ni wake. Njia hiyo inaangukia moja kwa moja kwenye Kihispania halisi, kwa kuwa baada ya n r ya Kihispania ni ya kutetema. Ukishaipata "ndrrr", punguza d mpaka iishe, na utakuwa umefika kwenye Enrique.

Soma kwa sauti, polepole, mara tatu kila mstari. Nimeweka chini yake matamshi kwa tahajia yetu, rr ikiwa ni ya kutetema na r ya kugonga.

Enrique sonríe.
(enrrike sonrrie: Enrique anatabasamu.)

La rana y la rosa.
(la rrana i la rrosa: chura na waridi.)

El perro corre por la tierra.
(el perro korre por la tyerra: mbwa anakimbia juu ya ardhi.)

Rosa ríe en el río.
(rrosa rrie en el rrio: Rosa anacheka mtoni.)

Mstari wa mwisho nimeuweka mwisho kwa sababu. Kutetemesha karibu na a na o ni rahisi, kwani mwili wa ulimi uko chini na ncha iko huru. Karibu na i ulimi mzima umepanda kuelekea kaakaa na ncha inakakamaa. Atakayesema "rrana" vizuri leo anaweza kuhitaji wiki nyingine kuisema "rrio". Asidhani amerudi nyuma. Mpangilio ni huo, a na o kwanza, i mwisho. Hata watoto wa Kihispania huipata sauti hii mwishoni kabisa, baada ya konsonanti nyingine karibu zote, wengi wakiwa na miaka mitano au sita.

Ukishaipata, ipunguze. Wanafunzi huifurahia wakaivuta "perrrrro". Katika mazungumzo ya kawaida magongo mawili au matatu yanatosha. Jiangalie pia isirudi kooni. Kuna Wapuerto Rico wengi ambao rr yao inatoka nyuma, karibu na kh yetu, na kwao ni sahihi, lakini mgeni akiitoa hivyo huku sauti nyingine si za kisiwa hicho, msikilizaji anachanganyikiwa. Utajuaje kama imekimbilia kooni? Itamke mbele ya kioo, mdomo wazi kidogo. Ya kweli unaona ncha ya ulimi imepanda. Ya kooni ncha imelala nyuma ya meno ya chini.

Kisha rudi kwenye ile nyepesi, maana ndiyo iliyomponza dereva. Mistari hii haina mtetemo hata mmoja:

El loro mira la pera.
(el loro mira la pera: kasuku anaitazama pea.)

Ahora quiero una pera.
(aora kyero una pera: sasa nataka pea moja.)

Na hii inazo zote mbili, kwa hiyo usiiguse mpaka zile za juu zimekaa:

El carro es caro.
(el karro es karo: gari ni ghali.)

Ahora Sara ahorra.
(aora Sara aorra: sasa Sara anaweka akiba.)

Pero el perro no tiene pelo.
(pero el perro no tyene pelo: lakini mbwa hana manyoya.)

Kuhusu irabu, Mswahili anaingia darasani akiwa na mtaji. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, kama sisi, zimeandikwa kama zinavyotamkwa, na haziyeyuki zikiwa katika silabi isiyo na mkazo. Mzungumzaji wa Kiingereza hulazimika kufunzwa kwa miezi asiseme "kasə" kwa casa na asimalizie o kwa kuikunja iwe "ou". Wewe huhitaji somo hilo. Yako mambo mawili tu ambayo mazoea yetu huyaharibu.

La kwanza ni urefu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta: tunaandika kitabu, tunasema karibu "kitaabu". Kihispania nacho mara nyingi huweka mkazo hapohapo, kwa hiyo tunahamisha na mvuto. Pero inakuwa "peero", casa inakuwa "kaasa". Mkazo wa Kihispania ni wa nguvu na mpando wa sauti, wala irabu hairefuki kiasi hicho. Na ubaya wake unarudi kwenye r: ukishaivuta e ya "peero", ulimi unapata muda wa kujiandaa, na bila kukusudia unatetemesha. Sema kwa mwendo wa kupiga vidole mezani, kila silabi kipigo kimoja, vipigo vyote sawa: pe-ro, ca-sa, ca-ro.

La pili lina historia. Lugha yetu haipendi konsonanti mbili zilizobanana bila irabu, ndiyo maana tunaingiza irabu zetu. Wareno walipofika pwani yetu walituachia maneno mengi, na Kireno ni ndugu wa karibu wa Kihispania. Fronha, mfuko wa mto wa kulalia, tukaifanya foronya. Carta tukaifanya karata. Angalia kilichotokea: f na r zimetenganishwa kwa o, r na t zimetenganishwa kwa a. Maneno yaliyokuwa na irabu kati ya kila konsonanti yalipita bila kuguswa sana. Mesa ikawa meza, na pera, ambayo kwao ni pea, tukaipa tunda letu la mapera. Sasa unapojifunza Kihispania unalazimika kurudi njia ileile kinyumenyume, kutoka karata kwenda carta.

Piga makofi kwa silabi. Karata ni makofi matatu, carta ni mawili. Tereni ni matatu, treni ni mawili, tren ya Kihispania ni moja. Ukisikiliza kwa makini Mhispania akisema tren, utasikia kama chembe ya irabu kati ya t na r, na hujakosea. R ya kugonga inahitaji nafasi ndogo ya hewa kabla yake, na Wahispania wote wanayo. Lakini ni fupi mno, haihesabiwi wala haipati kofi. Kosa letu ni kuipa nyumba.

El tren trae tres cartas.
(el tren trae tres kartas: treni inaleta barua tatu.)
Makofi: el, tren, tra, e, tres, car, tas. Saba.

Abro tres libros.
(abro tres libros: nafungua vitabu vitatu.)
Makofi matano.

Upande wa pili wa jambo hilo ni irabu zinazokutana. Sisi huzitamka kila moja kwenye silabi yake, ki-a-tu, u-a. Kihispania huzibana: puerta ni silabi mbili, tierra ni mbili, bueno ni mbili. Hapa Kiswahili kinatusaidia tukikumbuka w na y. Soma ue kama "we" ya kwenda na ie kama "ye", utapata pwerta, tyerra, bweno bila taabu. Ila alama ikiwekwa juu ya i, kama katika río, inakwambia usiibane: ri-o, silabi mbili. Maneno mawili yanapokutana kwa irabu nayo hushikana, hivyo mstari huu usikike kama kamba moja:

La puerta está abierta.
(la pwerta estabyerta: mlango uko wazi.)

Kipimo cha mwisho ni rekodi. Jirekodi kwa simu ukisoma jozi kumi, pero na perro zikiwa zimechanganywa bila mpangilio, na uandike pembeni ulichokusudia kila mara. Sikiliza kesho yake, si siku hiyohiyo, kwa kuwa siku hiyohiyo sikio bado linasikia nia yako badala ya sauti yako. Andika unachosikia, kisha linganisha. Dereva alipata sita mara ya kwanza. Zote nne alizokosa zilikuwa pero iliyotetema, hakuna hata perro moja iliyoshindwa, na hapo tukajua kwamba mazoezi yake ya wiki iliyofuata yawe ya kasuku na pea tu. Alikuwa akifanya dakika tano asubuhi kabla ya kuwasha gari na tano jioni; zaidi ya hapo ulimi huchoka na kuanza kukaza, na mazoezi yanafundisha kosa.

Baada ya wiki tatu alipata tisa. Ile moja aliyokosa ilikuwa katika "quiero parar, pero no puedo" akiisema upesi, maneno mawili yenye r yakitangulia pero. Sasa anaisema hivi, na wewe ianze hivyohivyo, pumziko dogo likiwa kwenye mkato: quiero parar, pero no puedo. Gonga kila r, na usivute irabu yoyote.